Hadithi ya picha tatu: mwongozo kamili wa kumwandikisha mtoto wa darasa la pili asubuhi yake kwa "kwanza", "halafu" na "mwisho"

Mwalimu mwenzangu, kama umewahi kutoa zoezi hili, sentensi ifuatayo unaifahamu:

*zawadi anamka alafu anapiga mswaki alafu anakunywa uji alafu anaenda shule mwisho*

Mtoto huyu alipopewa kadi za picha alizipanga sawasawa. Ukimuuliza kwa mdomo anakusimulia vizuri tu. Lakini kwenye daftari kunatoka mstari mmoja usio na kituo, umejaa "alafu", na neno "mwisho" limebandikwa mkiani kama muhuri. Tunasahihisha "alafu" kuwa "halafu", tunaweka vituo kwa wino mwekundu, na wiki inayofuata tunaletewa mstari ule ule.

Kosa halianzii kwenye kuandika. Linaanzia kwenye kadi tunazochora na kwenye namna tunavyomfanya mtoto aseme kabla hajashika penseli. Hatua zilizo hapa chini nimezifanyia kazi darasani hapa Kigoma, na zinachukua vipindi vitatu vya dakika 30 kwa siku tatu mfululizo. Ukizibana zote katika siku moja, hatua ya tatu ndiyo itakayoumia, na hiyo ndiyo iliyobeba mzigo.

## Vitu vya kuandaa

- Manila moja iliyokatwa vipande vitatu vikubwa, au pande tatu za boksi la sabuni zilizobandikwa karatasi nyeupe. Gundi ya madukani ikikosekana, uji mzito wa unga wa muhogo unashika vizuri.
- Maka peni nyeusi. Rangi hazina ulazima.
- Kamba na vibanio vitatu vya nguo.
- Madumu matatu matupu, ya ukubwa wowote.
- Karatasi moja ya A4 kwa kila mtoto, penseli na daftari la mistari.

Kama darasa lako lina watoto 80 na karatasi hakuna, tumia kurasa mbili za katikati ya daftari zilizofunguliwa. Zinatosha.

## Hatua ya 1: Chora picha tatu zisizokubali mpangilio mwingine

Kadi nyingi tunazotumia zinaonyesha mtoto anapiga mswaki, ananawa uso, anakunywa chai. Sasa jiulize, kipi kinatangulia? Kuna nyumba ambako mtu hanywi chai kabla ya mswaki, na nyingine mswaki unapigwa baada ya chai. Watoto watazipanga kila mmoja kwa desturi ya kwao, wewe utamkosoa nusu ya darasa, na hakuna aliyekosea. Kadi zinazoweza kubadilishana nafasi hazifundishi mfuatano wa matukio.

Chagua matukio matatu ambayo la pili haliwezekani mpaka la kwanza limetokea, na la tatu vilevile. Mimi natumia haya: Zawadi anaamka, Zawadi anavaa sare, Zawadi anafika shuleni.

Halafu weka ndani ya picha kitu kimoja kinachobadilika, ili mtoto awe na ushahidi wa kuushika. Katika kadi zangu kitu hicho ni shati la shule. Kwenye picha ya kuamka, Zawadi amekaa kitandani anafikicha macho, chandarua kimekunjuliwa upande mmoja, na shati linaning'inia kwenye msumari ukutani. Kwenye picha ya pili msumari ni mtupu na Zawadi anafunga vifungo. Kwenye ya tatu amevaa sare kamili, begi mgongoni, yuko getini na wenzake wanafagia uwanja. Mtoto akishindwa kupanga, humwambii jibu. Unamuuliza, "Shati liko wapi?"

Angalia sana dirisha. Mwaka wa kwanza nilichora jua linachomoza dirishani kwenye picha ya kuamka, kama ilivyo katika kadi nyingi za kununua. Mtoto mmoja akaiweka ya mwisho. Nilipomuuliza sababu akanijibu, "Huyu katoka shule, anapumzika. Si jua hilo, mwalimu?" Na alikuwa na haki. Sisi tuko magharibi mwa nchi, na saa tunayoifuata ni moja na ya Dar es Salaam, ingawa jua huku linachomoza zaidi ya nusu saa baada ya kuchomoza kule. Mtoto wa Kigoma anayewahi shule anaamka gizani. Siku hizi dirisha langu la picha ya kwanza nalipaka jeusi tii na pembeni naweka taa ya sola.

Chakula sikiweki kabisa. Ukichora meza yenye mkate na chupa ya chai, mtoto aliyetoka nyumbani tumbo tupu atanyamaza, au ataandika uongo ili afanane na wenzake. Ukitaka chakula kiwemo, subiri hatua ya nne achore mwenyewe cha kwao, hata kama ni kiporo cha ugali na dagaa wa jana.

Utajua umefaulu: mpe kadi mtu mzima yeyote, hata mpishi wa shule, bila kumweleza chochote. Akizipanga mara moja na asiulize swali, kadi zimekubali.

## Hatua ya 2: Fundisha maneno matatu kwa foleni ya bomba

Usianze na picha. Maneno yenyewe yana mtego, kwa sababu watoto wanayajua tayari kwa kazi nyingine.

"Kwanza" wanalisikia nyumbani kila siku katika "subiri kwanza" na "kwanza nani kakwambia?" Hapo halina habari na tukio la mwanzo. "Halafu" wanalisikia katika "halafu wewe mtoto!", na hiyo ni onyo tu. "Mwisho" wanaliona limeandikwa hadithi inapokwisha, na ndiyo maana wanalibandika mkiani. Na hata anayejua kwamba "kwanza" ni la mwanzo, mara nyingi analichanganya na nafasi ya darasani, akaandika "Wa kwanza Zawadi aliamka", kana kwamba kuamka kulikuwa na mtihani.

Hapo ndipo madumu yanapofanya kazi. Pangisha madumu matatu foleni mbele ya darasa, na mtoto mmoja awe bomba. Mtoto wa pili anakinga dumu moja baada ya jingine, na darasa zima linasema anachofanya:

"Kwanza amekinga dumu hili. Halafu amekinga hili. Mwisho amekinga hili."

Sasa ongeza madumu mawili katikati, hata ya kuazima. "Kwanza" linabaki moja na "mwisho" linabaki moja. Kinachoongezeka ni "halafu". Watoto wanaliona hilo kwa macho na hutahitaji kulieleza.

Kabla ya kuondoka kwenye madumu, weka sharti moja: neno likisemwa, lifuatwe na tendo. Mtoto akisema "mwisho" akanyamaza, darasa linamuuliza kwa pamoja, "Mwisho akafanya nini?" Wataipenda kupita kiasi na kuulizana hadi uwanjani. Waache.

Nimechagua "halafu" badala ya "kisha" kwa makusudi. "Kisha" ni neno zuri, lakini watoto wetu wengi, hasa wanaoongea Kiha nyumbani, hukutana nalo kitabuni tu. Neno ambalo mtoto hajawahi kulitamka akisimulia ugomvi wa mpira, hatalitumia vyema kwenye daftari. Litakuja baadaye.

Utajua umefaulu: mwite mtoto yeyote akueleze alivyofunga kamba za viatu. Akitaja maneno matatu na kila moja likawa na tendo lake, endelea.

## Hatua ya 3: Zipange kadi, kisha zigeuze

Hii ndiyo hatua tunayoiruka, nami niliiruka miaka mingi.

Tundika kadi kwenye kamba kwa vibanio, zikiwa zimechanganywa. Mtoto mmoja azipange, wengine wamuulize ushahidi wake: shati, dirisha, begi. Mpaka hapo wote tunafanya. Kosa linafuata tunaposema, "Haya, sasa tazameni picha mnisimulie."

Mtoto anayetazama picha hasimulii, anaeleza anachokiona. Atasema "hapa anaamka", "hapa anavaa nguo", "huyu ni Zawadi, hii ni taa". Kila picha kwake inasimama peke yake kama picha ukutani. Hiyo "anaamka, anavaa, anaenda" unayoiona kwenye madaftari inatoka hapa.

Geuza kadi zote zitazame ukuta. Zibaki kwenye kamba, kwa mpangilio ule ule, lakini picha zisionekane. Gusa mgongo wa kadi ya kwanza na uulize, "Zawadi alifanya nini?"

Sikiliza kitakachotokea. Mtoto ambaye dakika moja iliyopita alisema "hapa anaamka" sasa atasema "aliamka". Gusa ya pili: "halafu akavaa sare". Gusa ya tatu: "mwisho akafika shule". Ile *-ka-* imejileta yenyewe. Ndivyo Waswahili wanavyosimulia, na ndivyo anavyosimulia mtoto huyo jioni akieleza nani alimpiga nani. Kitenzi kinachotangulia kinabeba *-li-*, vinavyofuata vinabeba *-ka-*, na mfuatano uko ndani ya kitenzi chenyewe. Usimsahihishe kwa kumwambia arudie "alivaa, alifika". Hajakosea, amekupita.

Kuna faida nyingine ndogo. "Anaamka" ni neno gumu kwa mtoto anayeanza, kwa sababu ya zile *a* mbili zinazofuatana. Karibu wote wanaandika "anamka". Akisimulia kwa "aliamka", tatizo limeondoka bila kulifundisha. Siku utakapolihitaji, wapige makofi: *a-na-a-m-ka*, makofi matano. Aliyeandika "anamka" atapata manne na atajigundua mwenyewe.

Rudia mchezo huu mpaka watoto wapatao kumi wamesimulia, kila mmoja akigusa migongo ya kadi. Mtoto anayekwama kwa Kiswahili aruhusiwe kusimulia kwa Kiha mara moja, kisha arudie kwa Kiswahili. Ukishajua kwamba mfuatano anao kichwani, utajua kilichompungukia ni maneno tu.

Onyo: darasa likianza kuimba kwa pamoja "kwan-zaaa, hala-fuuu", simamisha. Wanaoimba hawasimulii. Badili mtoto wa kwenye kadi, awe kaka yake Zawadi, au waanze na "mimi".

Utajua umefaulu: husikii tena "hapa" wala "huyu ni". Maneno hayo mawili ndiyo kipimo. Yakiwapo, kadi bado zinatazamwa, hata kama zimegeuzwa.

## Hatua ya 4: Kila mtoto achore asubuhi yake

Siku ya pili. Kunja karatasi ya A4 upande wa urefu iwe na vyumba vitatu, kila kimoja kama sentimeta 10. Chini ya kila chumba acha nafasi ya mistari miwili.

Kabla hawajachora, weka mpaka: hadithi inaanza mtoto anapofungua macho na inaishia getini kwa shule. Bila mpaka huo, watoto watakwenda mchakamchaka, watasoma, watacheza, watarudi nyumbani na kulala tena, na "mwisho" haitapata mahali pa kutua. Chumba cha kwanza ni kuamka kwa wote. Cha tatu ni kufika shuleni kwa wote. Cha katikati ni chake: anachota maji, anafagia uwanja, anambeba mdogo wake, anapiga mswaki wa mti, anakunywa uji. Hapo ndipo hadithi 80 zinapotofautiana.

Wape dakika 15 za kuchora, si zaidi. Vijiti vya mikono na miguu vinatosha. Mtoto akianza kupaka majani ya mwembe wa jirani, mwambie kwa upole ahamie chumba kinachofuata.

## Hatua ya 5: Andika chini ya kila picha

Siku ya tatu. Maneno matatu yaandikwe tayari na wewe, ubaoni, nao wayanakili mwanzoni mwa kila chumba kabla ya kingine chochote:

Kwanza ______. | Halafu ______. | Mwisho ______.

Kituo kiwepo tangu mwanzo, kikimsubiri. Nilikuwa naona ni kumrahisishia mno, nikabadili mawazo. Mtoto anayeandika kuelekea kwenye kituo kilichokwisha kuwekwa anajua sentensi yake ina ukuta. Anayeambiwa "usisahau kituo" atakisahau. Na kwa kuwa "Mwisho" limetangulia chumba cha tatu, haliwezi tena kubandikwa mkiani.

Kabla ya kuandika kila chumba, mtoto afunike picha yake kwa kiganja, aseme sentensi yake kwa sauti ya chini, kisha aandike alichosema. Ni hatua ya tatu ile ile, sasa kwa mkono wake. Ukipita kati ya madawati, tazama viganja. Asiyefunika ndiye utakayekuta ameandika "hapa ninaamka".

Wapo watakaomaliza upesi. Wasiongeze sentensi ya nne. Wape kazi ya kuongeza neno moja ndani ya sentensi iliyopo: sare *gani*, dumu *la nani*, aliamshwa *na nani*.

## Mfano mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho

Mtoto aliyeandika mstari ule wa juu alifuata hatua hizi. Siku ya kwanza, kadi zikiwa wazi, alisema: "Hapa anaamka. Hapa anavaa." Zilipogeuzwa akasema: "Zawadi aliamka, akavaa sare, akaenda shule," bila neno lolote kati ya matatu. Usishtuke likikutokea. *-ka-* ilikuwa inamtosha, na kwa kweli kwa mdomo inatosha. Nikamwomba arudie huku akigusa madumu, na maneno yakaingia.

Siku ya pili alichora chumba cha katikati akiwa na ndoo kichwani. Siku ya tatu akaandika:

*Kwanza niliamka. Harafu nikachota maji bombani. Mwisho nikafika shure.*

Makosa yaliyobaki ni mawili, "harafu" na "shure", na yote ni kosa moja: *r* na *l*. Watoto wengi wa huku wanalo na halihusiani na somo hili. Sikuweka alama nyekundu juu yake. Nilipigia mstari maneno matatu ya mwanzo na vituo vitatu, nikaandika "Vizuri" pembeni, na ile *r* nikaiandika kwenye daftari langu kwa ajili ya kipindi cha sauti. Ukisahihisha kila kitu kwenye karatasi hii, mtoto hatajua ni kipi kilikuwa somo la leo.

Siku hiyo sahihisha mambo mawili tu: neno liko mahali pake na lina tendo lake, sentensi imefungwa kwa kituo.

## Hatua ya 6: Jaribio la jirani

Kata karatasi ya mtoto mstari wa sentensi utengane na picha, kisha tenganisha picha tatu. Mpe mtoto wa dawati jingine, ambaye hakuiona kazi hiyo, picha zikiwa zimechanganywa. Mwandishi asome sentensi zake kwa sauti, na jirani azipange picha kwa kusikiliza.

Akizipanga sawasawa, mwandishi ameandika hadithi. Akisita, usimwambie mwandishi amekosea. Yeye mwenyewe atamuuliza jirani yake, "Hujaelewa wapi?" na mara nyingi atagundua kwamba chumba cha pili ameandika "Halafu nikaenda" bila kusema alikwenda wapi wala kufanya nini.

Jaribio hili pia linaonyesha nani yuko tayari kwa picha nne. Mtoto ambaye kazi yake imepangwa na jirani bila kusita mara mbili, kwa hadithi mbili tofauti, mpe karatasi iliyokunjwa vyumba vinne, na hapo sasa mfundishe "kisha" kwa ajili ya chumba cha tatu. Wengine wabaki na tatu. Katika darasa langu kuna waliokaa na picha tatu muhula mzima, na mmoja wao alikuwa yule aliyeniambia Zawadi katoka shule anapumzika. Sentensi zake zilikuwa tatu tu kila wiki, lakini hakuna jirani aliyewahi kukosea kuzipanga.